Jina la duka ambalo mteja akilisikia ataliandika

Duka langu la kwanza la mtandaoni niliita Thamani. Nilikuwa nauza mikoba ya kushona kwa mkono, na jina niliona limekaa vizuri. Baada ya miezi kadhaa nikapata ujumbe kutoka kwa mteja: "Dada, rafiki yangu kanisimulia mikoba yako, nimetafuta siku ya pili hii naona vitanda na makabati tu." Nikamwomba anipigie picha ya skrini. Kwenye kisanduku cha kutafutia alikuwa ameandika samani.

Kosa halikuwa lake. Wasemaji wengi wa Kiswahili wakitamka th hutoka s, na msikilizaji huandika alichosikia. Kibaya zaidi, samani ni neno kamili lenye biashara yake kubwa. Mtu akiandika kitu kisicho neno, injini ya kutafuta hushuku na kumpendekezea kingine. Akikosea akaangukia neno halisi, hakuna anayeshuku. Anapelekwa moja kwa moja kwa mafundi seremala, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuwa anakuja kwako.

Ndipo nikaamua kubadilisha jina, safari hii kwa utaratibu. Nitaueleza kama nilivyoufuata, kwa mpangilio uleule, kwa sababu mpangilio una maana: sikio kwanza, kumbukumbu ya pili, kisanduku cha kutafutia cha tatu, na jina la akaunti mwisho. Wengi huanza na la mwisho. Wanafungua programu, wanaona jina limechukuliwa, wanaongeza nukta mbili tatu na tarakimu, kisha wanabaki na kitu ambacho hata wao wenyewe hukisoma kwa kusitasita.

Hatua ya kwanza: pitisha majina kwenye chujio la sauti

Andika majina matano au sita unayoyafikiria. Kisha yasome kwa sauti, moja moja, ukitafuta sehemu ambazo sikio na tahajia haziendi pamoja. Katika Kiswahili sehemu hizo zinajulikana. Th hugeuka s au t, dh hugeuka z au d, gh hugeuka g, kh hugeuka h. Jina lenye dhahabu litaandikwa zahabu na dahabu. R na l hubadilishana kwa watu wengi, kwa hiyo hereni itakuja heleni. H ya mwanzo wengine huiacha kabisa. Irabu mbili zinazofuatana zina shida yake: aliyesikia jina hana uhakika kama aandike a moja au mbili.

Ng' ni kesi ya pekee, na inanisikitisha kwa sababu ina maneno mazuri sana ya biashara. Nilikuwa na Ng'ara kwenye orodha yangu. Lakini jina la akaunti halipokei kile kikoma cha juu, kwa hiyo ng'ara hugeuka ngara, na asiyekujua atalitamka kwa ng ya ngoma. Hapo unakuwa na duka lenye majina mawili, moja la mdomoni na moja la kwenye skrini. Nililifuta.

Maneno ya kigeni nayo yapime kwa kipimo hichohicho. Neno Collection limejaa kwenye majina ya maduka, lakini waombe watu kumi waliandike bila kuangalia. Utapata l moja na l mbili, c na k, wengine wataweka s mwishoni na wengine hawataweka. Vivyo hivyo kuandika z mahali pa s ili jina lionekane la kisasa: mdomoni tofauti haisikiki, kwa hiyo kila utakapolitaja utalazimika kulielezea. Mimi nina kanuni moja ya mkato. Jina likihitaji nyongeza ya "lakini linaandikwa kwa…", liache.

Angalia pia maungio. Maneno mawili yakibanwa pamoja bila nafasi, herufi ya mwisho ya la kwanza inaweza kugongana na ya kwanza ya la pili. Pamba Asili ni jina zuri kwenye kibao, lakini likiwa pambaasili mteja atabaki kujiuliza a ni ngapi. Wakati mwingine maungio huzaa neno jipya ambalo hukulitarajia, na watu wa mtandaoni hawatakosa kuliona. Andika jina lote kwa herufi ndogo, bila nafasi, kisha mpe mtu asiyejua chochote alisome.

Orodha yangu ilibaki na majina mawili. La kwanza lilikuwa Mikoba Bora, lisilo na herufi hata moja ya kutatiza. La pili lilikuwa Kibindoni. Kibindo ni lile kunjo la nguo kiunoni ambamo watu walikuwa wakihifadhi fedha, na neno lenyewe halijafa: watangazaji wa mpira kila wiki husema timu fulani imetia kibindoni pointi tatu. Silabi nne, kila moja inaandikwa kama inavyosikika.

Hatua ya pili: jaribio la voisi

Hapa usitumie maandishi hata kidogo. Rekodi voisi fupi, kama sekunde tano, ukisema sentensi ya kawaida: "Nimenunua mkoba kwa duka linaitwa Kibindoni." Liseme jina mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida, bila kulitafuna silabi kwa silabi. Watumie watu kumi ambao hawajawahi kulisikia, kila mmoja peke yake, si kwenye kundi, maana kundini wa kwanza kujibu huwafundisha wengine. Waombe wakuandikie jina la duka hilo. Usiwaambie kwamba unapima tahajia.

Chagua watu wanaofanana na wateja wako, na hasa watu wa lafudhi tofauti. Ukiwatumia ndugu zako kumi mliokulia nyumba moja, wote watasikia unavyosikia wewe. Waombe pia waandike kwenye simu zao bila kuzima usahihishaji wa maneno, kwa sababu kibodi nyingi zimewekwa Kiingereza na hubadilisha neno la Kiswahili kabla mwenyewe hajagundua. Huo nao ni mtihani wa jina lako.

Kwa ajili ya kulinganisha, nililipima na jina la zamani. Thamani liliandikwa sawasawa na watano. Wanne waliandika samani, na mmoja tamani, ambalo nalo ni neno halisi. Yaani nusu ya watu niliotajiwa kwao walikuwa hawafiki. Mikoba Bora liliandikwa sawa na wote kumi. Kibindoni liliandikwa sawa na tisa, na wa kumi akaandika kibidoni.

Ningeishia hapo ningechagua Mikoba Bora. Lakini siku ya pili niliwarudia walewale, bila voisi: "Lile duka nililokutajia jana, linaitwaje?" Kibindoni lilikumbukwa na wanane. Mikoba Bora lilikumbukwa na watatu, na majibu ya wengine yalinichekesha: Mikoba Mizuri, Mikoba Safi, Mikoba Poa. Walikumbuka maana, wakasahau jina. Neno la kusifu kama bora, safi au zuri halishiki kichwani kwa sababu lolote kati ya hayo linaweza kukaa mahali pa jingine. Neno lenye picha hushika.

Kwa idadi ndogo hivi usitafute usahihi wa kitakwimu. Unachotafuta ni kosa linalojirudia. Mtu mmoja akikosea kwa namna yake, huenda aliteleza tu. Watatu wakikosea kwa namna ileile, hiyo ndiyo tahajia ambayo wateja wako wataitumia, upende usipende.

Hatua ya tatu: litafute kabla hujalimiliki

Fungua kivinjari kwa hali ya faragha, ile isiyokumbuka ulichotafuta zamani, la sivyo utaletewa matokeo yaliyopikwa kwa ladha yako. Tafuta jina peke yake kwenye Google, kisha jina pamoja na neno la bidhaa. Rudia zote mbili ndani ya Instagram, TikTok na Facebook. Unaangalia mambo matatu: nani anakaa juu sasa, je injini inakubadilishia neno, na je kuna muuzaji wa bidhaa kama zako mwenye jina linalokaribia.

Hapa Kibindoni lilinipa somo. Likitafutwa peke yake, ukurasa mzima ulikuwa habari za michezo: fulani atia kibindoni, wengine watia kibindoni. Duka jipya haliwezi kuwatoa magazeti hapo juu, si leo wala mwakani. Lakini nilipoandika kibindoni mikoba, hakukuwa na mtu. Maneno hayo mawili yalikuwa hayajawahi kukutana.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote katika hatua hii. Neno la kawaida linaandikika, ila kwenye utafutaji linazama. Neno la kubuni linaelea peke yake, ila kulifundisha watu ni kazi, na mwanzoni injini inaweza kulidhani ni kosa na kuonyesha matokeo ya neno jingine linalofanana. Katikati kuna njia nyepesi zaidi: chukua neno ambalo watu wanalijua na wanaliandika vizuri, lakini halitumiki kabisa kwenye biashara yako, kisha libebane na neno la bidhaa. Mikoba na Bora wamezoeana mno. Mikoba na Kibindoni hawajuani.

Neno la bidhaa nalo lichague kama wanunuzi wanavyolitafuta, si kama unavyopenda wewe. Anza kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia na usome mapendekezo yanayoshuka, kwa sababu yanatokana na yale ambayo watu wengine wameyatafuta. Ila kama unafikiria kuongeza viatu au mikanda baadaye, usilichome neno la bidhaa ndani ya jina la duka lenyewe. Duka langu ni Kibindoni. Mikoba inakaa kwenye jina la akaunti na maelezo, ambako naweza kuibadilisha.

Kabla hujasonga mbele, tafuta jina hilo kwenye rejista ya majina ya biashara ya nchi yako na kwenye rejista ya alama za biashara. Mitandao mikubwa yote ina fomu ya mwenye alama kulalamika, na akaunti inayolalamikiwa inaweza kuondolewa pamoja na wafuasi wake wote. Herufi moja uliyobadilisha kwenye jina la kampuni kubwa haitakuokoa.

Hatua ya nne: jina moja la akaunti linaloingia kila mahali

Kila mtandao una masharti yake, na jina litakalokaa kote ni lile linalotimiza masharti magumu kuliko yote. Instagram inapokea hadi herufi 30, TikTok 24, YouTube kuanzia 3 hadi 30. X ndiyo yenye ubahili: herufi 15 tu. Facebook inataka zisipungue 5.

Kwenye alama ndipo watu wanapokwama. Instagram na TikTok zinapokea nukta na mstari wa chini. X inapokea mstari wa chini lakini haitaki nukta. Facebook inapokea nukta lakini haitaki mstari wa chini, na tena nukta zenyewe haizihesabu: jina lenye nukta na lisilo nayo kwake ni jina moja. Kwa hiyo ukichagua nukta, X itakukatalia. Ukichagua mstari wa chini, Facebook itakukatalia. Kinachobaki ni herufi tupu, na tarakimu ukilazimika, kati ya 5 na 15. Na hata pasingekuwa na masharti hayo, jaribu kumtajia mtu kwa simu: "mikoba, mstari wa chini, kibindoni, nukta, moja." Moja ya tarakimu au ya maneno? Mteja ameshachoka.

Kibindoni peke yake nilikuta limechukuliwa kwenye mtandao mmoja, na akaunti yenyewe haikuwa na picha hata moja. Akaunti iliyolala haimaanishi utapewa jina ukiomba. Usikubali kuuziwa pia: masharti ya Instagram yanakataza kununua na kuuza majina ya akaunti, na huna ulinzi wowote ukilipa kisha usikabidhiwe. Nikaongeza neno la bidhaa:

```
kibindonimikoba
```

Hesabu: herufi 15 kamili. Imeponea chupuchupu, lakini imeponea. Hakuna irabu inayogongana kwenye maungio, na jina la duka liko mbele, hivyo mtu akianza kuandika kibin tayari ananisogelea. Ningekuwa nauza vipochi, kibindonivipochi ingekuwa herufi 16 na X ingenifungia mlango. Hapo ningetafuta nyongeza fupi, kwa mfano duka: dukakibindoni ni herufi 13. Nyongeza yoyote utakayochagua, iwe ileile kila mahali. Jina refu kidogo lililo sawa kote linashinda jina fupi lenye sura tofauti kila mtandao, kwa sababu mteja aliyekuona TikTok ataandika jina lilelile Instagram bila kufikiri.

Herufi kubwa na ndogo hazileti tofauti, lakini macho hudanganyika: l ndogo hufanana na I kubwa, O na 0 ni mapacha, na r ikifuatwa na n huonekana kama m. Jina lenye herufi hizo ni rahisi kwa tapeli kulinakili na kuwatumia wateja wako ujumbe wa malipo.

Hatua ya tano: chukua yote siku moja

Usitangaze jina kabla hujalishika. Kaa chini saa moja, fungua akaunti kwenye mitandao yote unayofikiria kuitumia, hata ile ambayo utaigusa mwakani, na ukiweza chukua na anwani ya tovuti. Anza na ule mtandao ambako wateja wako wako wengi. Jina likikatalika huko, unarudi hatua moja kabla hujajaza mengine. Usifanye haraka ya kubahatisha, kwa sababu kurudi nyuma kuna mipaka: TikTok inaruhusu kubadilisha jina la akaunti mara moja kila siku 30.

Kwenye akaunti ambazo hutazitumia sasa, weka picha ya duka na mstari mmoja unaosema unapatikana wapi. Akaunti tupu humfanya mteja adhani umefunga.

Hatua ya sita: sehemu ya Name si nakala ya Username

Hapa ndipo wauzaji wengi huacha nafasi bure. Kwenye Instagram kuna sehemu mbili tofauti. Username ni jina la akaunti. Name ni maandishi mazito yanayoonekana kwenye wasifu, na utafutaji wa ndani huyaangalia yote mawili. Ukirudia kitu kilekile, umeitupa nafasi ya pili. Mimi nimeandika hivi:

```
Username: kibindonimikoba
Name: Kibindoni | Mikoba ya ngozi
```

Sasa anayetafuta mikoba ya ngozi bila kunijua ana njia ya kunifikia, na anayenijua kwa jina lenye nafasi ananipata pia. Andika kwa utulivu, maana sehemu ya Name inabadilishika mara mbili tu ndani ya siku 14. Na usichukue tabia hii kuipeleka kwenye wasifu wa biashara wa Google, ule unaoonekana kwenye ramani: kule sheria ni kuandika jina halisi la biashara kama lilivyo kwenye kibao chako, bila kuongeza maneno ya bidhaa. Wanaoongeza wanaweza kusimamishiwa wasifu.

Tovuti mpya kuonekana kwenye Google huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kwa hiyo usishtuke ukijitafuta kesho yake ukajikosa. Baada ya mwezi rudia jaribio la hatua ya tatu kwa hali ya faragha. Kama bado jina pamoja na neno la bidhaa halikuleti, angalia kwanza kama umeandika jina la duka kwa namna moja kila mahali. Mara nyingi utakuta sehemu moja imeandikwa Kibindoni Mikoba, nyingine Mikoba ya Kibindoni, nyingine Kibindoni Bags.

Kama tayari una jina na wafuasi

Usifungue akaunti mpya. Badilisha jina la akaunti ileile ili wafuasi wabaki. Lakini fahamu kwamba viungo vya zamani vya wasifu wako ulivyosambaza vinaweza kufa, na jina uliloliacha linaweza kuchukuliwa na yeyote. Siku chache kabla, weka tangazo lenye majina yote mawili, na andika kwenye maelezo "zamani Thamani", uliache kwa miezi michache ili anayetafuta kwa jina la zamani akupate.

Kisha fungua akaunti ndogo kwa jina lile la zamani, upandishe picha moja tu inayoelekeza kwenye jipya. Huenda jina lisipatikane papo hapo, kwa sababu Instagram kwa kawaida hukuachia siku 14 za kurudi kwenye jina lako la zamani, na kabla hazijaisha linaweza kuwa limefungwa. Mimi niliweka kikumbusho kwenye simu, nikajaribu siku ya 15 asubuhi, nikalipata. Nilichukua na kibidoni pia, lile kosa la mtu wa kumi kwenye voisi.